Seti ya umwagiliaji wa matone ya "mita za mraba 100": uzoefu wangu kwenye bamia, Zinga, Bagamoyo

Seti yenyewe ni chujio, koki, bomba kuu la milimita 32, koneksheni 7 na roli ya mpira wa matone wa milimita 16, urefu wa m 100, wenye tundu kila sm 30. Vifaa ni vizuri na chujio lake linafunguka kwa mkono. Tatizo langu ni maandishi ya kwenye boksi, "mita za mraba 100". Mpira wa matone haupimwi kwa mita za mraba, unapimwa kwa mistari. Roli ya m 100 inatosha mita za mraba 100 pale tu mistari inapoachana kwa m 1. Bamia hazipandwi hivyo.

Bustani niliyoifunga ni m 15 kwa m 6, yaani mita za mraba 90, ndani kabisa ya kile boksi linachoahidi. Nafasi ya bamia ni sm 60 mstari hadi mstari na sm 30 shina hadi shina. Kwenye upana wa m 6 acha sm 30 kila pembeni, zinabaki m 5.4. Gawa kwa 0.6 upate nafasi 9, kisha ongeza 1, kwa sababu mistari huwa inazidi nafasi kwa mmoja. Hiyo ni mistari 10. Mara m 15, unapata m 150. Kila mstari uongezee nusu mita ya kuingia kwenye koneksheni na ya kukunjia mwisho, jumla m 155. Kwa hiyo seti inapungukiwa m 55 za mpira na koneksheni 3, na hivyo lazima uvinunue kando. Usijaribu kuokoa ile nusu mita kwa kuvuta mpira ukaze. Plastiki hulegea juani mchana na kujikaza usiku, na mpira uliovutwa sana huchomoka kwenye koneksheni.

Matundu ni rahisi kuyahesabu: m 15 gawa kwa 0.3 ni 50 kwa mstari, na kwa mistari 10 ni 500. Kila tundu linapata shina lake, na mpira huu naupendea bamia kwa sababu hiyo. Kwa nyanya zinazopandwa sm 45 shina hadi shina sitaushauri kwenye mchanga wa huku Zinga. Tundu na shina vitakutana mara moja kila sm 90, na shina la katikati litabaki sm 15 mbali na tundu la kila upande. Mchanga unashusha maji chini kabla hayajatambaa pembeni, na utaliona shina moja limestawi na jirani yake amedumaa, mstari mzima. Nyanya zipande sm 60, au tafuta mpira wa tundu kila sm 20.

Sasa maji. Roli imeandikwa lita 1.6 kwa saa kwa kila tundu. Ukizidisha kwa 500 unapata lita 800, na utadhani tangi la lita 1,000 litaisha kwa saa moja na robo. Namba hiyo ni ya presha ya bar 1, sawa na tangi lililoinuliwa m 10. Tangi langu liko kwenye jukwaa la m 1.5. Kwa urefu huo tundu la aina hii hutoa kama lita 0.6 tu, na bustani nzima inakunywa kama lita 300 kwa saa. Anayefungulia maji kwa kufuata namba ya kwenye roli anaipa bamia yake chini ya nusu ya maji aliyokusudia.

Shina la bamia lililokomaa, miezi ya jua kali, linataka karibu lita 0.9 kwa siku kwa nafasi hiyo. Hiyo ni saa moja na nusu ya koki. Mimi naigawa dakika 45 asubuhi na 45 jioni, maana mchanga ukipewa yote kwa mkupuo, sehemu kubwa inapita chini ya mizizi.

Kabla ya kupanda, weka kikombe chini ya tundu la kwanza la mstari ulio karibu na tangi, na kingine chini ya tundu la mwisho la mstari wa mbali. Subiri dakika 10. Kwa jukwaa la m 1.5 kila kikombe kiwe na kama mililita 100. Seti hii ilitoa karibu sawa pande zote mbili, na hapo naisifu. Vikombe vyote vikiwa na kidogo, osha chujio au inua tangi. Cha mbali peke yake kikiwa na kidogo, tafuta koneksheni inayovuja au mpira uliojikunja njiani. Tundu moja moja likikauka ni uchafu: fungua mwisho wa mstari huo, maji yatoke hadi yawe safi, kisha hakikisha matundu yanatazama juu. Yakitazama chini, mchanga uliotulia ndani ya mpira unayaziba, na koki ikifungwa yanaweza kunyonya udongo wa nje.

Ningewaomba wauzaji waandike "m 100 za mpira, koneksheni 7" kwa herufi kubwa. Seti nitaichukua tena, pamoja na m 55 za ziada siku hiyo hiyo na kutoka roli ya aina ile ile, kwa sababu mpira wenye matundu ya kiwango kingine utafanya mistari minne ya mwisho ipate maji tofauti na mingine.