Pasi ya usafiri kwa makato ya kabla ya kodi: nimekatwa, ila kodi haikupungua

Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Mpango wenyewe ni mzuri. Au niseme ungekuwa mzuri kama mtu wa mishahara angejua anachokifanya.

Kazini kwetu walituletea huduma hii: unakubali sehemu ya mshahara ikatwe kabla ya kodi kupigwa, mwajiri anakulipia pasi ya mwezi. Kwenye kikao walisema "utaokoa", wengi wakaelewa kwamba mshahara wa mkononi utaongezeka. Hauongezeki! Unashuka, tena lazima ushuke, maana pasi imelipiwa humo humo. Cha kuangalia ni umeshuka kwa kiasi gani, na hapo ndipo nilipoibiwa.

Nitatumia namba za mviringo, yangu ya kweli siwawekei hapa. Tuseme mshahara ghafi ni 3,000 na pasi ni 200. Elfu moja ya kwanza haitozwi kodi, inayobaki inatozwa asilimia 20, na hifadhi ya jamii wanachukua asilimia 8 ya mshahara wote. Bila mpango, kodi ni 400, mchango ni 240, unabaki na 2,360. Ukienda kununua pasi mwenyewe dirishani, mfukoni inabaki 2,160. Sasa weka mpango. Ile 200 inatoka kwanza, hesabu zote zinaanzia 2,800: kodi 360, mchango 224, mkononi 2,216, na pasi unayo tayari. Umebakiwa na 56 zaidi. Mkononi pameshuka 144 tu, kwa pasi ya 200.

Slipu yangu ilipotoka, mkononi pameshuka kwa bei nzima ya pasi. Yaani ni ile 2,160 ya dirishani, senti kwa senti. Nikaisoma juu hadi chini. Makato ya pasi yalikuwepo, yameandikwa vizuri kabisa, lakini yamekaa chini ya mstari wa kodi, pamoja na chama cha kuweka na kukopa. Na pale penye "mshahara unaotozwa kodi" ilikuwa ni namba ileile ya mwezi uliotangulia. Hapo huhitaji uhasibu. Kama hiyo namba haijapungua kwa bei ya pasi, umekatwa baada ya kodi, hata waiite huduma hiyo jina gani.

Nikaenda ofisini na slipu mbili mkononi. Mama wa mishahara hakunikaribisha hata kiti. "Ndugu yangu, pasi si unayo? Na pesa si ndiyo uliyoomba ikatwe? Unalalamikia nini?" Nikamwonyesha kwa kidole namba mbili zinazofanana. Akazitazama, akanirudishia karatasi, akasema mfumo haukosei. Mama, mfumo unafanya ulichouambia! Aina ya makato iliwekwa ya kawaida badala ya ya kabla ya kodi, na hiyo ni kubadilisha sehemu moja tu.

Baadaye kijana mmoja wa ofisi hiyohiyo alibadilisha bila maneno mengi, na mwezi uliofuata namba ikashuka kama inavyotakiwa. Kwa hiyo nasema tena, mpango ni mzuri. Tena kwa mwenye mshahara mkubwa ni mzuri zaidi, kwa sababu kinachopunguzwa ni ile sehemu ya juu ya mshahara, inayotozwa kiwango kikubwa kuliko zote.

Ila kwa dereva wetu, ambaye mshahara wake haufiki hata kiwango cha kuanza kutozwa kodi, nafuu ya kodi ni sifuri. Kama mchango wa hifadhi nao unapigiwa hesabu kwenye mshahara uliopunguzwa, ataokoa kidogo hapo, lakini na akiba yake ya uzeeni inaweza kupungua. Kikaoni hili halikutajwa. Wala hawakutaja kwamba kuna kikomo: Marekani kwa mfano, mwaka 2025 kilikuwa dola 325 kwa mwezi, na mwajiri akilipa zaidi ya hapo, ziada inatozwa kodi kama mshahara mwingine. Na huko ukiacha kazi na salio halijatumika, kwa kawaida harudishiwi mtu.

Kodi niliyokatwa zaidi ile miezi ya mwanzo bado naidai. Inarekebishika kirahisi mwaka wa kodi ukiwa haujafungwa, mwajiri anasahihisha kwenye mshahara unaofuata. Ukishafungwa, takwimu za mwaka mzima zinakuwa zimekwenda kwa watoza kodi, na kila kitu kinahitaji hati ya marekebisho. Nimewaandikia, nimeambatanisha slipu zote. Yule mama amejibu "tunalishughulikia". Nyota tatu. Hapana, mbili, mpaka pesa yangu irudi.