Taa zake zinang'ara, mzungumzaji hayupo: picha ya semina niliyotengenezewa mjini

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo mwenye kutaka maneno ya upole asubiri wiki ijayo. Duka lenyewe silitaji. Liko hapa mjini Unguja, wanachapisha mabango, kadi za harusi, fulana, na siku hizi hizi picha za jalada za semina za mtandaoni. Watu wengi wanawasifu. Hata mimi niliwasifu, kwa muda wa kama nusu saa.

Tulikuwa na semina ya jioni kwa wakulima wa mwani. Mzungumzaji ni mama wa Paje, amelima mwani miaka mingi, na mada yake ilikuwa kwa nini mwani wa kotoni unakufa maji yakizidi joto wakati ule wa spinosamu unavumilia. Mwenyewe hakutaka sura yake isambazwe kwenye simu za watu, na nilimwelewa. Basi nikawaambia dukani: nifanyieni ile picha ya mtu anayeonekana kivuli tu jukwaani, na mbele yake taa za ukumbi zenye ukungu. Kijana akaitikia, "Hiyo nyepesi, bibie." Nikalipa 40,000.

Ilipokuja, kwenye kompyuta yao ya dukani, wallahi ilipendeza. Taa za dhahabu, duara kubwa kubwa, giza la buluu nyuma. Nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya vikundi vya mwani kabla sijafika nyumbani.

Jibu la kwanza lililorudi: "Hongera, harusi ya nani?"

Nikaifungua picha kwenye simu yangu, niko juani, barabarani. Mtu hayupo. Taa zipo, maandishi yapo nusu, mtu hayupo kabisa. Na sababu si uchawi. Kivuli hakionekani kwa kuwa cheusi. Kinaonekana kwa kuwa kilicho nyuma yake kina mwanga. Yule kijana alichukua picha ya taa zilizotawanyika gizani, akabandika mtu mweusi katikati ya giza. Kwenye kioo kikubwa chenye mwanga mkali utaona tofauti ya weusi na buluu iliyokolea. Picha ikishatumwa WhatsApp inabanwa, na kinachoteketea mwanzo ni hizo tofauti ndogo za gizani. Kichwa na ukumbi vikawa kitu kimoja. Tena saa ya semina, "saa 2 usiku", aliiandika kwa herufi nyeupe, na ile 2 ikaangukia juu ya duara la taa ya manjano iliyopauka. Watu wakaanza kuniuliza saa ngapi, mmoja baada ya mwengine, na tangazo wanalo mkononi.

Nikarudi. Nilipoifungua tena pale dukani nikaitazama vizuri, na hapo ndipo nilipozidi kuchemka. Mtu mwenyewe ni mwanamme wa suti, tai inaonekana kwa ubavuni, mabega ya pembe. Na mimbari ameiweka upande wetu sisi watazamaji, hali taa za wasikilizaji ziko nyuma ya mgongo wake. Yaani anahutubia ukuta! Ukitaka taa za watu zionekane, kamera inakuwa nyuma ya mzungumzaji, inawatazama wasikilizaji pamoja naye. Mimbari inakuwa upande wa pili wa kifua chake, inajificha. Hili halihitaji chuo.

Nikamwambia kijana: mzungumzaji wetu ni mama, anavaa mtandio. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Kivuli tu hicho bibie, nani atajua?"

Nani atajua! Kwenye kivuli hakuna macho, hakuna rangi, hakuna tabasamu. Kuna ukingo tu. Ukingo ndio habari yote iliyobaki, na yeye huo ndio aliouona hauna maana. Akina mama wa Paje na Jambiani wanaitwa kumsikiliza mwenzao, wanatumiwa bwana wa tai. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sikulelewa kulifanya.

Mpwa wangu hupiga picha za harusi, ana kamera na ile lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8. Tukamwomba mama wa Paje dakika chache katika ukumbi wa skuli, baada ya Isha. Tukawaweka wasichana mwisho wa ukumbi, kila mmoja na tochi ya simu yake imewashwa. Taa moja ya kawaida tukaielekeza ukuta wa nyuma yao, ukuta ukapata wekundu hafifu. Huo ndio unaomtoa mtu gizani. Mpwa wangu akasimama nyuma ya mama, karibu naye sana, akapima mwanga kwa ukuta badala ya mtu. Mama akawa mweusi kamili, na tochi kwa kuwa ziko mbali na lenzi imefunguka, zikavimba duara. Mwanzo hakuonekana mtu, alionekana kichuguu, maana mtandio kwa nyuma hauna pua wala kidevu. Akamwomba ageuze uso ubavu kidogo na ainue mkono kama anayeeleza. Hapo akawa yeye. Nawaambia, shoga yake alimtambua, asiyemjua hakupata sura.

Nikawapelekea dukani, waweke maandishi tu. Na hapa niwe mwadilifu: maandishi safari hii waliyaweka vizuri, upande wa giza, herufi nene, mbali na taa. Nilikuwa karibu kufuta niliyoyaandika juu. Nikasema labda kijana alikuwa na siku mbaya.

Kisha nikazitazama taa. Zimekufa. Pale palipokuwa na duara zenye ukingo, sasa kuna madoa ya kijivu, utadhani kioo cha kamera kilipanguswa kwa mafuta. Nikauliza, nikaambiwa, "Kamera ya mpwa wako mbovu, bibie."

Mpwa wangu akaomba faili lenyewe, akalifungua mbele yao. Juu ya picha yake wamepitisha `Gaussian Blur`, ili ukungu uzidi. Akanieleza taratibu, maana mimi nilikuwa nishapandisha sauti: lenzi huutandaza mwanga wa tochi sawasawa ndani ya duara, ndiyo maana linang'ara mpaka ukingoni. Ile chujio inachanganya mwanga na giza la jirani, na mwanga wa tochi kwenye picha ya kawaida ulishakatwa kwenye kiwango cha mwisho cha weupe, hauna akiba, kwa hiyo unamezwa unakuwa kijivu. Kama walitaka ukungu wa kuigiza kuna `Lens Blur`, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini picha ilikuwa na ukungu wake tayari. Akaizima ile chujio kwa kubonyeza mara moja. Taa zikarudi zote.

Kijana hakusema samahani. Alisema marekebisho ni 15,000.

Basi hukumu yangu ni hii, kama mnaitaka. Kadi za harusi, nendeni, wanajua taa na dhahabu. Picha yenye mtu ndani yake, msiende. Au nendeni, lakini kabla hamjalipa jitumieni kwenye simu, tokeni nje juani, muitazame ikiwa ndogo kama inavyokaa kwenye orodha ya ujumbe. Mtu akipotea, irudisheni hapo hapo. Na hiyo 15,000 sikuitoa, wamenipigia tangu juzi, sipokei.