Vya kununua kwa mchango wa usafi wa chumba, na zamu ninayopendekeza

Dada zangu wa chumba, poleni na masomo. Muhula uliopita tulichanga hela mara tatu, na mara zote ziliishia kwenye dawa ya choo na ya kunukisha hewa, huku sakafu ikibaki inanata mafuta ya dagaa. Jumamosi ninashuka Nyegezi kununua, kwa hiyo nimepanga vitu kwa uzito wake. Hela ikiisha njiani, tunaacha vya mwisho.

Cha kwanza ni sabuni ya maji ya kupimiwa, dumu la lita 5. Hii ndiyo itakayofanya kazi nyingi: vyombo, sakafu, sinki na hata choo. Msidanganywe na uzito wake, kwa sababu watengenezaji huikoleza kwa chumvi, na sabuni nzito inaweza kuwa haina nguvu kabisa. Mimi nitaomba nijaribu kijiko kimoja kwanza. Nitakwenda na kifuniko nilichokipaka mafuta ya kukaangia, nikisugue na sabuni na maji kidogo, halafu nikisuuze. Kidole kikipita bila kuteleza, ninachukua dumu. Kikiendelea kuteleza, ninahamia duka la jirani.

Cha pili ni mpira wa kuvuta maji, si dekio la kamba. Dekio linataka maji mengi ya kulisuuza, na nyie mnajua siku za mgao tunavyohesabu ndoo. Lisipokauka linaanza kunuka, na kila ukipiga deki unarudisha harufu ileile sakafuni. Mpira unavuta maji machafu hadi mlangoni, kisha tambara linamalizia. Matambara yatoke kwenye fulana za pamba za mitumba, maana za nailoni hazinywi maji. Tutenge moja la chooni lenye rangi tofauti, na lisiguse kitu kingine.

Cha tatu ni brashi ya choo yenye kikombe chake. Hapo sina la kuongeza.

Cha nne ni jiki, chupa moja ndogo tu. Jiki inaua vijidudu lakini haiondoi uchafu, na ukiimwaga juu ya uchafu nguvu yake inaishia hapohapo. Sugua kwa sabuni, suuza, ndipo uiweke. Kwa jiki ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji vinatosha. Iache dakika 10. Changanya ya siku hiyo tu, kwa kuwa ikilala inapungua nguvu. Chupa ikae kabatini, mbali na jua.

Dawa ya choo ya asidi naomba tusinunue kabisa. Mnakumbuka jioni ile mwenzetu wa kitanda cha juu dirishani alipoimwaga kwenye choo kilichokuwa na jiki? Alitoka anakohoa, macho yanachuruzika, nasi tukakaa koridoni hadi usiku. Ile ilikuwa gesi ya klorini. Siki na ndimu nazo zikikutana na jiki hufanya hivyohivyo, na hata mkojo ukichanganyika na jiki hutoa hewa inayowasha, kwa hiyo mwaga maji kwanza. Ile mistari ya njano tutaiwekea siki usiku na kuisugua asubuhi, siku ambayo hakuna atakayegusa jiki.

Sasa zamu. Ya kupokezana kwa siku haikuwa haki: wa Jumatatu alikuta takataka za wikiendi nzima, wa Alhamisi akafagia mara moja akamaliza. Napendekeza mtu ashike kazi moja wiki nzima. Kazi ni nne: choo na bafu, kudeki chumba, sinki na jiko, takataka pamoja na kujaza ndoo za akiba. Wa kitanda cha chini mlangoni aanze na choo, wengine wafuate kwa mpangilio huo wa kazi tukizunguka vitanda. Kila Jumapili jioni kila mtu anahamia kazi inayofuata, na wa takataka anarudi chooni. Kwa wiki 16 kila mmoja atakuwa ameosha choo wiki nne sawasawa. Mwenye mtihani abadilishane na mwenzake kabla ya wiki kuanza, si baada ya kuacha kazi.

Wa takataka ndiye atakayetunza hela wiki hiyo na kupiga mstari kwenye dumu kuonyesha sabuni ilipofika. Tukikuta imeshuka chini ya robo kabla ya wiki ya tatu, ama tunaimimina ovyo ama kuna anayefulia nguo zake, nasi tutaongea hapohapo.

Mchango ni 5,000 kila mmoja mwezi huu kwa sababu ya mpira na brashi, kisha 3,000 kwa miezi inayofuata. Ambaye hela haijaingia aniambie kwa siri, nitamtangulizia. Nitaondoka saa tatu asubuhi, na ninahitaji mmoja wa kunisaidia kubeba dumu.