Ziwani kwa kweli au kisiwa cha kubuni?

Ukitaka kujituliza kwa kuwaza mahali salama, unaweza kuchukua mahali unapopajua au ukabuni pako.

Mimi nilianza na mawe ya Capri Point, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, jioni. Picha ilikuja upesi: jiwe lenye joto chini ya viganja, maji yakigonga, harufu ya samaki wa kukaanga. Shida ni kwamba mahali pa kweli pana watu na historia. Siku ya tatu akatokea kwenye picha hiyo kaka yangu, tuliyegombana naye palepale, na mabega yakakaza. Hiyo ndiyo dalili: mwili ukikaza, hama.

Nikahamia kisiwa kisichokuwepo, hakina mtu. Hiki kilidai subira. Nyayo sakafuni, pumzi ndefu ya kutoa, kisha naona, nasikia, nagusa, moja baada ya jingine. Picha ikitulia nataja neno moja, "ufukwe". Nilifanya hivyo dakika tano kila siku nikiwa mtulivu, ndipo nikalijaribu neno kwa kero ndogo: konda aliyeninyima chenji. Lilifanya kazi.

Kama eneo lako halina kidonda, anza nalo. Ni rahisi zaidi. Ukifumba macho ukaogopa, yaache wazi.