Maili au pesa? Pima thamani ya maili yako kabla ya kukata tiketi

Tiketi yangu ya kwanza ya maili niliiita ya bure. Nilitoa maili 35,000, yaani zile pointi ambazo shirika la ndege humpa abiria wake, na nilipofika ukurasa wa malipo nikadaiwa dola 310 za kodi na tozo. Nikalipa huku nikichekelea. Jioni ile, kwa udadisi tu, nikatafuta safari ileile kwa pesa: dola 380. Yaani nilikuwa nimeteketeza maili 35,000 ili kuokoa dola 70. Kila maili imenipa senti 0.2 tu.

Hesabu ambayo ingeniokoa siku ile ni fupi:

```
(nauli ya pesa - tozo za tiketi ya maili)
÷ (maili unazotoa + maili unazokosa)
× 100 = senti kwa maili moja
```

"Maili unazokosa" ndizo watu wengi huzisahau. Ukilipa pesa, safari hiyo kwa kawaida inakuingizia maili mpya. Ukisafiri kwa maili, mara nyingi huvuni kitu. Kwa hiyo nazo ni sehemu ya gharama.

Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni dola 640 kwa pesa, au maili 50,000 pamoja na tozo za dola 210. Ukilipa pesa utavuna maili 2,500. Unachookoa ni dola 430, ukigawanya kwa 52,500 unapata senti 0.82. Sasa chukua safari hiyohiyo kwa mtu aliyepata dharura na anasafiri keshokutwa. Nauli imepanda hadi dola 1,180, na kama kuna bahati kiti cha maili bado kinauzwa 50,000 na tozo zilezile. Angevuna maili 5,000 kwa kulipa pesa, basi 970 gawanya kwa 55,000 ni senti 1.76. Ndege ni ileile na kiti ni kilekile, lakini maili imezidi thamani mara mbili. Ndiyo maana mtu akiniuliza maili ina thamani gani, humwuliza kwanza anakwenda lini.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha unalinganisha vitu vinavyofanana. Nauli ya chini kabisa inayong'aa kwenye skrini mara nyingi haina begi la kupakia, na tiketi ya maili huenda inalo. Weka gharama ya begi kwenye nauli ya pesa ndipo ugawanye. Fungua pia mchanganuo wa tozo. Ukiona herufi `YQ` au `YR`, hiyo si kodi ya serikali wala ya kiwanja cha ndege. Ni nyongeza ya shirika lenyewe, ambayo wengi huiita tozo ya mafuta. Hiyo ndiyo iliyonila siku ile. Kiti kilekile kikikatwa kupitia programu ya maili ya shirika mshirika, nyongeza hiyo inaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa, kwa hiyo inafaa kuangalia sehemu mbili.

Ukishapata jibu, unahitaji kiwango chako cha chini cha kulinganishia. Changu ni senti 1.2 kwa safari za daraja la kawaida. Chini ya hapo natoa pesa. Wewe chagua chako, ila kisizidi bei ambayo ungeweza kununulia maili hizohizo kwenye ofa za shirika. Kama zinauzwa senti 1.5 kwenye ofa, huwezi kudai kwamba zako zina thamani ya senti 3.

Kwa kipimo hicho, mimi nazipanga njia hivi.

Ya kwanza, kwa safari nyingi, ni pesa. Nauli ikiwa ya chini, tozo hula karibu faida yote ya maili, halafu unakosa na maili mpya. Watu hawapendi kusikia hili kwa sababu maili zinaonekana kama pesa za kuokota, lakini hesabu haijali.

Ya pili ni maili tupu, kwa safari ambayo nauli yake imepaa: dharura, msimu wa sikukuu, au njia inayohudumiwa na shirika moja tu. Hapa kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Programu nyingi hukuruhusu kufuta tiketi ya maili na kurudishiwa maili zako kwa ada ndogo, wakati nauli ya pesa ya chini kabisa ukiifuta imekwenda na maji. Kama huna uhakika na tarehe, hata senti 1 kwa maili naikubali. Ila soma sharti la muda: maili zilizokwisha muda wake huku tiketi iko mkononi huenda zikarudi zikiwa zimekufa.

Ya tatu ni kupanda daraja, na hapa ndipo watu hujidanganya. Tiketi ya daraja la biashara ni dola 3,000, au maili 120,000 na tozo za dola 400. Gawanya, unapata karibu senti 2.2, na unajiona bingwa. Lakini jiulize: ungetoa dola 3,000 kweli? Kama ukweli wako ni kwamba ungelipa 640 za daraja la kawaida, na kwa ajili ya kulala kitandani ungeongeza 500 na si zaidi, basi kiti hicho kwako ni cha dola 1,140. Toa 400, gawanya kwa 120,000: senti 0.62. Sisemi usikae mbele. Nakaa mimi mwenyewe nikipata. Nasema tu ingiza kwenye hesabu bei ambayo ungelipa, si bei iliyoandikwa. Na ukitaka kupandishwa daraja kwa maili juu ya tiketi uliyolipia, uliza kwanza kama nauli yako inaruhusu, kwani zile za chini kabisa mara nyingi hazimo.

Ya nne ni kuchanganya pesa na maili. Skrini inakuambia: toa maili 10,000, punguziwa dola 60. Hiyo ni senti 0.6, nami huiruka. Nitaikubali kwa maili chache zinazokaribia kufa na zisizotosha tiketi nzima. Kutumia maili kuchukua birika, mabegi au vocha za dukani kuko chini zaidi. Sina haja ya kuzieleza.

Kuhusu kulimbikiza maili kwa ajili ya safari ya ndoto: maili hazizai riba, na bei yake inapangwa na anayezitoa. Shirika la ndege la Delta la Marekani liliondoa jedwali la bei za tiketi za maili mwaka 2015, na mwenzake United likafuata 2019. Tangu hapo bei hupanda na kushuka kama nauli. Maili 50,000 zilizotosha mwaka jana zinaweza zisitoshe mwaka huu, na hakuna wa kumlalamikia.

Kama maili zako bado ni pointi za kadi ya benki, usizihamishe mapema. Zikishaingia kwenye programu ya shirika kwa kawaida hazirudi benki. Tafuta kiti kwanza, kione kiko wazi kwa tarehe yako, andika maili na tozo zake, piga hesabu, kisha ndipo uhamishe kiasi kinachohitajika tu. Uhamisho mwingine huchukua dakika, mwingine siku kadhaa, na kiti hakikungoji. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, uliza kama programu inaweza kukushikia kiti hicho.