Maharage machanga kwenye friza: mabichi au yaliyopikwa?

Mabichi yanadai kazi mwanzoni. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3, kisha kwenye maji ya barafu kwa dakika 3 nyingine, na uyakaushe vizuri. Moto huo huzima vimeng'enya, yaani kemikali za ndani ya maharage zinazoyaharibu taratibu, ambazo baridi hupunguza tu kasi yake. Niliwahi kuruka hatua hii. Baada ya miezi michache maharage yalififia rangi na kunuka kama majani makavu. Yatandaze kwenye trei yagande moja moja, ndipo uyatie kwenye mfuko wa friza na kukamua hewa yote. Kwenye nyuzi -18 hukaa miezi 8 hadi 12.

Mchuzi wa maharage hayohayo hauhitaji hayo. Upoze upesi, uweke kwenye chombo kifupi, uache nafasi ya sentimita 2 kwa kuwa hutanuka. Lakini ladha huanza kushuka baada ya miezi 2 au 3, na maharage hulegea zaidi ukipasha.

Ukiona mabaka meupe makavu, hewa imenyonya maji. Hayadhuru, ila ni magumu kama kadibodi, yakate. Mimi hugandisha mabichi.