Mahameli au kitambaa cha vitanzi kwa makochi ya nyumba yenye paka
Fundi wa makochi mjini Tabora akikuwekea mezani vipande viwili, kimoja cha mahameli ya poliesta na kingine kilichofumwa kwa vitanzi vya nyuzi nene, pitisha ncha ya sindano juu ya kila kimoja. Kwenye vitanzi sindano hunasa na kuvuta uzi, kama ukucha wa paka utakavyofanya. Kwenye mahameli nzito huteleza, kwa kuwa nyuzi zake fupi zimesimama na hazina kitanzi. Manyoya nayo hujisokota ndani ya vitanzi, ilhali juu ya mahameli hukusanywa kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo. Mimi ningechagua mahameli, ingawa kwa harufu haitoshi: mkojo hupenya hadi kwenye sponji, hivyo agiza foronya zenye zipu, zinazofulika, na chini yake nailoni.